Tahadhari: GTX 780 zinazouzwa Kariakoo kwa maneno "inapiga gemu zote"

Wakuu, mwenye mpango wa kununua kadi ya grafiki ya mtumba asome hapa kwanza. Mimi tayari nimeliwa 250,000.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo kwa jamaa mmoja aliyetangaza GTX 780 ya GB 3, "DirectX 12, inapiga gemu zote". Akaiwasha mbele yangu, akafungua GTA V, ikaenda safi kabisa. Akanifungulia na `dxdiag`, kweli imeandikwa DirectX 12. Nikalipa.

Usiku, nyumbani Tabata, nafungua Forza Horizon 5, inakataa kuwaka. Nampigia. "Bosi, hiyo ni draiva tu, shusha mpya." Nikachoma bando kushusha draiva mpya, nayo ikanijibu:

```
This graphics driver could not find compatible graphics hardware.
```

Kadi hiyo ni ya 2013, kizazi ambacho Nvidia walikiita Kepler. Draiva za gemu za Kepler zilikoma 2021, kwenye toleo la 470. Baada ya hapo zilikuja za kuziba mianya ya usalama tu, hadi Septemba 2024. Forza Horizon 5 ilitoka Novemba 2021, na kadi ya chini kabisa inayotakiwa upande wa Nvidia ni GTX 970. Ikikorofisha kwenye 780, hakuna anayekaa kuitengenezea dawa.

Na hata draiva zingeendelea kutoka, kuna kitu zisingeweza kubadilisha. DirectX 12 ina ngazi, na ngazi imo kwenye chipu yenyewe. Kepler imeishia 11_0, kwa hiyo gemu inayodai 12_0 haifunguki, hata ukishusha picha hadi chini kabisa. Ile DirectX 12 niliyoonyeshwa dukani ni ya Windows, si ya kadi. Hapo ndipo aliponipata, maana hakusema uongo mtupu.

Kabla hujatoa hela, mwambie afungue `dxdiag`, lakini usiishie ukurasa wa kwanza. Nenda Display, upande wa Drivers, utafute mstari wa Feature Levels. Namba ya kwanza ndiyo ngazi ya juu ya kadi. Yangu inasomeka hivi:

```
Feature Levels: 11_0,10_1,10_0,9_3,9_2,9_1
```

Ukiona inaanza na 11, jua unanunua kadi ya gemu za zamani, na bei iwe ya hivyo. GTA V mtu asikuonyeshe kama ushahidi, hiyo ni gemu ya 2015 kwenye kompyuta.

Jumatatu nilirudi dukani. Risiti ina mhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi". Akaniambia niongeze 80,000 anipe GTX 780 Ti, "hiyo ni kubwa zaidi, kaka". Ni kubwa kweli, lakini nayo ni Kepler ileile, 11_0 ileile. Nikaondoka.

Kuna dogo mtaani anacheza GTA V tu. Nimemweleza yote haya, amesema atanipa laki moja.