Raba za mguu wenye tao la juu: ukiambiwa ni ya "sapoti", iweke chini

Malalamiko ya wasomaji wa hapa Dodoma yanafanana sana. Mtu kanunua raba ya maana, muuzaji kamhakikishia ina "sapoti", na baada ya wiki chache mguu unamlalia nje kila akikanyaga kokoto. Rangi na uzito utajichagulia mwenyewe. Mimi leo nataka uangalie sponji iliyo kati ya soli na unyayo, upande wa ndani, chini ya tao la mguu.

Anza na viatu vyako vya zamani. Viweke mezani, uvitazame kwa nyuma. Karibu kila mtu hula kisigino kwa nje kidogo, kwa hiyo hilo peke yake halithibitishi kitu. Ila kama mliko unaendelea ukingoni mwa nje mpaka chini ya kidole kidogo, na kiatu chenyewe kimeegemea nje, basi mguu wako unalalia nje. Kukanyaga sakafu ukiwa na unyayo wenye maji kutakuonyesha urefu wa tao tu, hakutakuambia mguu unaendaje ukitembea. Wapo wenye tao la juu ambao miguu yao hulalia ndani, na hao ushauri huu hauwahusu.

Mguu wenye tao la juu mara nyingi ni mgumu. Mguu wa kawaida ukikanyaga, tao hushuka kidogo na kupunguza kishindo. Huu wako haushuki vya kutosha, kwa hiyo uzito wote unaangukia kisigino na sehemu ya mbele, hasa upande wa kidole kidogo. Ndiyo maana unahitaji sponji nene kisigino na mbele pia. Raba nyingi zina kisigino kinene lakini mbele ni nyembamba kama kandambili, na huko ndiko maumivu yanakoanzia.

Sasa hiyo "sapoti". Raba za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya mguu unaolalia ndani. Nyingi huwekewa upande wa ndani kipande cha sponji ngumu zaidi, mara nyingi cha rangi ya kijivu, ili kuuzuia mguu usiporomoke. Mguu wako hauporomoki huko. Kipande kile kinausukuma nje, kule kule ulikokuwa unaelekea.

Chukua mfano wa mwalimu anayetembea kila siku kutoka Nkuhungu, akapata ASICS Gel-Kayano ya zamani kwenye mtumba wa Sabasaba. Kiatu ni kizuri, tena cha bei. Akiminya kwa dole gumba ubavu wa nje, sponji inabonyea. Akiminya wa ndani, ni kama ubao, na kwenye matoleo mengi ya zamani pameandikwa DUOMAX. Hapo hana haja hata ya kukijaribu. Angegeukia meza hiyo hiyo, akatafuta Gel-Nimbus.

Maana kwangu Nimbus ndiyo ya kwanza, na sifichi kwamba naipendelea ASICS: sponji yake ni laini kisigino na mbele, na pande zote mbili zinabonyea sawa. Ya pili ni Gel-Cumulus, nyembamba kidogo lakini inatosha kwa kutembea. Ya tatu Brooks Ghost. Za Brooks zenye herufi GTS ziache, kwa sababu hizo ndizo za sapoti. Ya nne Hoka Clifton, ambayo ni nene na ina kitako kipana. Upana huo ni muhimu, kwa sababu soli nene na laini yenye kitako chembamba itakupindua kifundo. Raba za turubai za bei rahisi hazina sponji ya kutosha, basi.

Kwa mtumba kuna tatizo lingine. Sponji huchoka: raba ya kukimbilia huhesabiwa kudumu takriban kilomita 500 hadi 800, na mwenyewe wa kwanza huenda alishazimaliza. Tazama mikunjo ya mlalo ubavuni mwa sponji, kisha minya. Kama haibonyei, au inabonyea na hairudi, imekufa. Wauzaji wanaopaka ubavu rangi nyeupe kuficha mikunjo hiyo wanatuumiza, na wanaopandisha bei kwa neno "sapoti" bila kuuliza mguu wa mteja ukoje wanatuumiza zaidi. Lipia sponji unayoiminya, usilipie neno.

Ukishanunua, kamba zikikubana juu ya mguu, usizipishanishe kwenye matundu ya katikati. Zipandishe wima kila upande, kisha zipishane tena juu. Na kama tao limepanda hivi karibuni, au limepanda mguu mmoja tu, usihangaike na raba: nenda hospitali, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa mishipa ya fahamu.