Traka ya kubana mafuta kwenye gari za wageni Unguja: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Nna Hiace mbili za dizeli, zinachukua wageni uwanja wa ndege kupeleka Nungwi na Paje, na nshafunga traka, vile vifaa vya GPS vinavotuma kwenye simu gari iko wapi na inafanya nini, za aina 3 kwahio nazipanga hapa kwa nlivoziona mwenyewe. Swali langu lilikua moja tu, mafuta yanaenda wapi.

Namba moja ni traka ya waya pamoja na sensa ya kijiti inayoingia ndani ya tangi. Ile inapima urefu wa mafuta yenyewe, haitegemei geji. Lakini uzuri wake wote uko kwenye kupimiwa tangi, na hapa ndo mafundi wengi wanakimbia: tangi linamwagwa tupu, halafu unatia lita 5, unasubiri yatulie, unaandika namba ya sensa, unatia tena 5, mpaka lijae. Tangi la lita 70 ni mara 14. Fundi akikwambia anamaliza nusu saa mwambie aondoke, maana tangi halina umbo la sanduku, lita 10 za chini na lita 10 za juu hazipandi sawa. Na kijiti kikae katikati ya tangi. Mie changu cha kwanza kiliwekwa pembeni, usiku mmoja simu ikanipigia alamu, lita 7 zimepotea gari imezimwa. Nikamgombeza dereva asubuhi ile ile, kumbe kaegesha kwenye mteremko, ilivorudi barabarani kwenye usawa zile lita 7 zikarudi kwenye grafu. Nilimuomba radhi. Mafuta yaliyonyonywa kwa mpira hayarudi, ndo unavojua tofauti.

Kama gari yako ya petroli, Noah au Alphard, usikubali mtu atoboe tangi likiwa na mvuke ndani, ni hatari kweli kweli, chukua namba mbili.

Namba mbili: traka ya waya inayoungwa kwenye waya wa geji. Rahisi zaidi, ila boya la geji linacheza kila kona na karibu na kujaa linaganda, kwahio wizi wa lita 3 hutouona, wa 15 utauona. Inatosha kwa gari moja unayoendesha na ndugu yako.

Namba tatu ni kile cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ambayo fundi anachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Gari zetu nyingi za Japani za zamani hazitoi kiwango cha mafuta pale, na dereva anakichomoa kwa sekunde mbili. Ruka.

Sasa ukishanunua. Uwanjani mpaka Nungwi na kurudi ni kama kilomita 120, safari 2 ni 240, gari yangu inakula lita 1 kwa kilomita 10, basi lita 24. Siku moja zikaenda 32. Zamani ningesema kaiba tu. Nikafungua ripoti: injini imenguruma imesimama masaa 4 jumla na AC, ndege ilichelewa, hapo kama lita 5. Halafu pale Kinyasini gari ikakata kwenda Kiwengwa, kilomita 30 za ziada, lita 3. Zimetimia 8, tangini hakunyonya mtu. Nikamuuliza kwanza, maana masika barabara ikijaa maji dereva anazunguka na ni haki yake, ila siku ile kulikua jua, akasema kampakia abiria wake. Tukakubaliana: akisubiri bila mgeni ndani anazima baada ya dakika 5, na safari ya pembeni aniambie kabla. Wiki iliyofuata siku kama ile ilikula 25.

Traka inahesabu na breki za ghafla, na hizo ndo zinawachanganya watu. Kwanza kifaa kifungwe kwa skrubu kwenye bodi, kikining'inia kwenye waya kila tuta kinahesabu kosa. Halafu usiangalie idadi, angalia ramani. Madereva wangu wote wawili walikua wanafunga breki pahala pamoja njia ya Mahonda, kumbe tuta halina rangi, hio ni barabara. Lakini mmoja alikua anafunga kila pahala mpaka Paje, huyo nilipanda nae siku nzima, alikua anamkaribia sana wa mbele.

Dukani uliza vitu vitatu tu: inatuma kila sekunde 10 au kila dakika (kwa dakika moja kona na breki zinapotea), mtandao ukikata inahifadhi yenyewe ikatuma baadae, na ripoti unaweza kuitoa kwa Excel au umefungwa ndani ya app yao. Laini ya simu inayoingia ndani ya traka nunua wewe kwa jina lako, mie ya kwanza ilikua ya muuzaji, tulivogombana akaizima na data ya miezi 5 ikaenda nayo.