Vidonge vya mashine ya kuosha vyombo au poda, chumvi na dawa ya kusuuzia? Uzoefu wangu London

Tulitumia vidonge vya "yote kwa pamoja" muda mrefu, baadaye tukahamia poda, chumvi na dawa ya kusuuzia, kila kimoja na mahali pake. Sirudi kwenye vidonge. Lakini dada yangu anayeishi Glasgow sijamshauri abadili, kwa sababu maji yake yanatoka Ziwa Katrine na ni laini sana. Haya ya kwetu yamepita kwenye miamba ya chaki, ni magumu, hata birika linaota magamba.

Bilauri zetu zilikuwa zinatoka na ukungu mweupe. Nilichovya kitambaa kwenye siki nyeupe, nikasugua upande mmoja wa bilauri: upande ule ukang'aa, wa pili ukabaki na ukungu. Hiyo ni chokaa. Ukungu usipotoka kwa siki, kioo chenyewe kimelika, na hapo hakuna dawa.

Kidonge kina kemikali za kuzuia chokaa isigande, na zina kikomo chake. Chumvi ya kwenye tangi inafanya kazi nyingine kabisa, wala haigusi vyombo. Ndani ya mashine kuna chembechembe za resini zinazonasa kalsiamu na magnesiamu, madini yanayofanya maji yawe magumu. Zikishajaa, maji ya chumvi huzisafisha ili ziendelee kunasa. Ndiyo maana tunaweka kiwango cha ugumu wa maji kwenye mashine, tukikiangalia kwenye tovuti ya kampuni ya maji. Chumvi iwe ile ya mashine, ya punje kubwa. Ya mezani huwa laini na mara nyingi ina viongezo, inaweza kuziba. Tunaijaza pale tu tunapotaka kuwasha, maana ikimwagika na kulala humo inaanza kula chuma.

Poda nimeipendea vipimo. Vikombe vya chai tu, naweka kidogo. Sufuria za pilau, najaza kisanduku na kunyunyiza kidogo mlangoni kwa ajili ya mzunguko wa kwanza. Kwenye programu fupi, kidonge kilikuwa kinabaki nusu, kimenata mlangoni kama pipi iliyotemwa. Poda inayeyuka. Ila ukiiacha wazi jikoni inashika unyevu na kuganda.

Dawa ya kusuuzia ndiyo iliyonisumbua kuipatia. Matone yakikaukia kwenye bilauri, ongeza namba ya kipimo chake kwenye mashine. Ukiona michirizi ya rangi ya samawati, punguza. Vyombo vya plastiki bado vinatoka na maji, na madoa ya manjano hayajawahi kutoka kwa njia yoyote kati ya hizi mbili.

Kwa nyumba yenye maji laini na watu wasiotaka kukumbuka taa ya chumvi, kidonge kinatosha. Shemeji yangu huko Glasgow anatupia kimoja, anafunga mlango, na bilauri zao zinatoka safi.