TAHADHARI: Fundi anayeuza "OPC yenye vyeti", lile kufuli mnaloonyeshwa ni la laptopu yake

Wakuu, nimepigwa. Milioni 3 na laki 2, mchana kweupe, na kibaya zaidi nilishika tochi nikammulikia aliyekuwa ananipiga. Kwa kifupi, Mzee, bosi wangu, alitaka kuona kiwanda kizima kwenye skrini ya ofisini kwake, na mkaguzi akagoma kusaini mpaka SCADA, ule mfumo wa kompyuta wa kutazama na kuendesha mitambo, iwe na usalama. Ndipo nikamwita huyu fundi atufungie OPC, lugha ambayo mitambo na kompyuta hupashana habari.

Ilikuwa Ijumaa saa kumi na nusu jioni, chumba cha paneli, joto la kuchemshia chai. Mimi nimesimama nyuma ya bega la huyo fundi kama mtoto anayesubiri kukatiwa nyama. Jamaa amevaa ovaroli safi, buti za chuma, kalamu mbili mfukoni. Akaizungusha laptopu ikanielekea, akasema, "Mkuu, hesabu na mimi." Nikahesabu. Pampu ya kisima cha kwanza inazunguka. Pampu ya pili imesimama, kweli ilikuwa imesimama, nilikuwa naisikia imenyamaza. Kiwango cha tangi asilimia 71. Presha ya laini ya kujazia chupa. Tagi 46, kila kipimo na jina lake, na mbele ya kila moja neno `Good`. Nikachungulia dirishani kwenye kipimo cha tangi: 71. Moyo ukatulia kabisa.

Halafu akanionyesha kufuli. Kwenye programu ya UaExpert aliandika anwani ya seva, ikafunguka orodha ya milango ya kuunganikia, akagusa wenye kakufuli pembeni na maandishi `Basic256Sha256`. "Hapa kila ujumbe unasainiwa na kufungwa, mkuu. Hata mimi nikitoka hapa sisomi kitu." Likatokea dirisha limejaa mistari myekundu, mmojawapo `BadCertificateHostNameInvalid`. Nililiona! Nililiona kwa macho yangu haya. Akabonyeza haraka likapotea, akasema, "Hiyo ya kawaida, inatokea mara ya kwanza tu." Nikaitikia. Miaka kumi na moja nafunga paneli, naitikia kama mgeni.

Ikaunganika papo hapo. Hiki ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimesoma kwamba haya mambo ya vyeti yanasumbua watu siku mbili tatu, yeye sekunde nne. Nikajisemea huyu ni fundi kwelikweli. Nikatoa simu nikamtumia salio lote nikiwa nimesimama palepale, nikamwongezea elfu hamsini ya soda.

Kabla hamjaniita mjinga, nisikilizeni. PLC yetu, ile kompyuta ndogo ya kwenye paneli inayoendesha mitambo, ni ya zamani, haijui OPC, inaongea lugha ya Modbus TCP basi. Kwa hiyo lazima katikati iwepo kompyuta yenye seva ya OPC UA inayosoma rejista za PLC, inazipa majina ya tagi, halafu SCADA ya Mzee inakuja kuuliza pale. Upande wa PLC naujua usingizini. Upande wa vyeti sikuwa nimewahi kuugusa. Na jamaa hakubabaisha maneno, alieleza vizuri kuliko vitabu: kwamba seva ina cheti chake na ufunguo wake wa siri, SCADA nayo ina cheti chake, kila upande unamkagua mwenzake kwanza, ndipo sesheni inafunguliwa na mtumiaji anaweka jina na nenosiri. Yote ni kweli! Tapeli aliyenitapeli kwa ukweli mtupu. Pia alikuja na mtu ninayemheshimu, ambaye yupo humu na anajua ninamsema yeye. Sina kinyongo naye, naye kapigwa, mtaona hapo mbele.

Wiki tatu raha mustarehe. Mzee anaonyesha wageni skrini.

Aliyeniumbua ni dogo wa fildi. Akaja asubuhi, "Shikamoo injinia, samahani, mbona grafu ya tangi ina mapengo?" Nikamwambia ni mtandao. Akasema, "Mtandao unaokatika kila baada ya saa mbili kamili?" Tukapanga karatasi mezani: saa mbili asubuhi pengo, saa nne pengo, saa sita pengo. Sekunde arobaini hivi kila moja. Tukaenda kwenye kompyuta ya seva. Mtakatifu yule alikuwa ameweka toleo la majaribio, lile linalofanya kazi saa mbili kisha linajizima, halafu kwenye Windows akatega kazi ya kujirudia aliyoipa jina `Backup`, inayoizima na kuiwasha seva kila saa mbili. Kumbe leseni niliyolipia laki tisa ilikuwa saa ya kuamshia!

Huyu mtu afungwe. Sisemi arudishe pesa, nasema afungwe, na akitoka akute wamepiga marufuku mikono yake kushika bisibisi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Dogo akaniomba ruhusa ajaribu kitu. Akaenda kantini na laptopu yake mwenyewe, akajiunga na waifai ya wafanyakazi, ile ambayo nenosiri lake limebandikwa juu ya jokofu. Akanipigia: "Injinia, tazama kisima cha pili." Nikatazama. Pampu ikawaka. Nikasikia mlio wa kontakta kwenye paneli na hakuna mtu aliyegusa kitu. Nywele zilinisimama. Alipitia mlango mwingine kwenye ileile orodha, wa juu kabisa, unaoitwa `None`, akaingia kama `Anonymous`, bila cheti, bila jina, na tagi zote 46 zilikuwa zimeachwa wazi kuandikwa, hata zile za kusoma tu kama kiwango cha tangi.

SCADA ya Mzee je? Nayo ilikuwa inapita mlango huohuo. Lile kufuli nililoonyeshwa lilikuwa la sesheni ya laptopu ya jamaa na seva, peke yake, kwa dakika kumi za maonyesho. Alipofunga laptopu akaondoka na kufuli lake. Dogo alinionyesha pa kulitazama: ndani ya seva kuna tawi la `ServerDiagnostics`, humo kuna orodha ya `SessionSecurityDiagnosticsArray`, na kila sesheni iliyo hai inaeleza inatumia nini. Ya SCADA ilisomeka hivi:

```
SecurityPolicyUri: http://opcfoundation.org/UA/SecurityPolicy#None
```

Mstari mmoja. Ningeomba nionyeshwe mstari huu Ijumaa ile, tena akiwa ameketi mbele yangu, ningekuwa na milioni zangu. Kwenye seva nyingine tawi hilo limezimwa au linahitaji uingie kama msimamizi, basi mwambie aliwashe mbele yako kabla hujatoa hata mia.

Sasa cheti chenyewe. Tulikitoa tukakifungua:

```
openssl x509 -inform der -in seva.der -noout -fingerprint -dates -ext subjectAltName
```

Jina la kompyuta lililomo si la kompyuta yetu. Ndiyo maana ya ule mstari mwekundu: UaExpert ilikuwa inalalamika kwamba cheti hiki ni cha mashine nyingine, mimi nikaambiwa ni kawaida. Nikampigia yule mheshimiwa aliyemleta, nikamwomba afungue cha kwake anisomee alama yake ya kidole, zile herufi na namba arobaini. Akasoma, mimi nafuatisha kwa kalamu kwenye karatasi. Tulipofika katikati akaanza kupunguza sauti. Ilikuwa ileile mpaka mwisho. Cheti kimoja maana yake ufunguo wa siri mmoja, na nakala anayo jamaa na kila aliyeuziwa. Yeyote kati yetu anaweza kusimamisha seva ya uongo mtandaoni kwa mwenzake, ikajitambulisha kama seva halali, na SCADA inayokiamini cheti hicho ikaikubali.

Fundi wa kweli angezalisha cheti kipya kwenye kompyuta yako na ule ufunguo usingetoka hapo. Haichukui hata dakika tano. Alishindwa dakika tano!

Na zile sekunde nne nilizozishangilia? Tulipoanza kurekebisha na dogo ndipo nikaelewa. Tulifunga mlango wa `None`, tukatengeneza vyeti vipya, tukaunganisha SCADA. Ikakataliwa, `BadSecurityChecksFailed`. Na ndivyo inavyotakiwa. Cheti cha SCADA kilikuwa kimetupwa kwenye folda ya waliokataliwa upande wa seva, ukihamishe kwa mkono wako kwenda kwa wanaoaminiwa baada ya kulinganisha alama ya kidole, kisha ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Seva isiyokujua ikikupokea mara ya kwanza bila kukuuliza, kuna kiboksi cha kukubali vyeti vyote kimewashwa. Kwetu kilikuwa kimewashwa. Kwa hiyo hata ule mlango wenye kufuli ulikuwa unampokea yeyote mwenye cheti chochote, hata alichojitengenezea nyumbani usiku huohuo.

Haki ya kuandika tumeibakiza kwenye tagi nne tu, kwa mtumiaji mmoja mwenye nenosiri. Upande wa seva na PLC bado ni Modbus tupu isiyo na ulinzi wowote, cheti hakifiki huko, kwa hiyo tumeupa waya wake na kadi yake ya mtandao mbali na waifai ya kantini. Leseni tunanunua upya, na Mzee anaikata kwenye mshahara wangu kidogokidogo.

Jamaa simu hapokei. Juzi alijibu ujumbe mmoja: "Mkuu mfumo si unafanya kazi?" Nimechukua RB, nimempa askari na lile karatasi la alama ya kidole, akalitazama akaniuliza ni namba ya simu ya nchi gani. Jina lake siliweki hapa kwa sababu nimeambiwa nisiharibu kesi, lakini picha yake amejipiga mwenyewe kwenye paneli yangu akaitangazia kazi, kwa hiyo mtamjua: ovaroli safi, kalamu mbili.

Aliyefungiwa OPC miezi hii na mtu wa namna hiyo afungue cheti leo. Kikiishia na `9C:41` njoo inboksi, tuko wawili mpaka sasa, na askari amesema tukifika watatu atafungua faili moja.