Kutoa maandishi kwenye bango la viazi kwa ImageMagick na Tesseract: uzoefu wangu kutoka Uyole

Nina steshenari ndogo hapa Uyole, Mbeya, na pembeni natafsiri vipeperushi na mabango ya Kiingereza. Juzijuzi dada jirani yangu mwenye duka la pembejeo aliniletea picha tisa kwenye simu. Zilikuwa za mabango ya kilimo cha viazi mviringo aliyoyakuta ukutani kwa muuzaji wa jumla, akaomba ruhusa, akayapiga. Wateja wake wengi wanashuka kutoka Umalila na Uporoto, na bango la Kiingereza kwao ni pambo tu. "Mwalimu, niwekee Kiswahili nibandike hapo kaunta," akaniambia. Sijawahi kufundisha darasa lolote. Ni hii miwani ndiyo iliyonipa cheo.

Mabango yenyewe yalichorwa na mtu anayependa picha kuliko maneno. Nyuma kuna shamba la viazi lenye majani mabichi, juu mawingu meupe, chini udongo mwekundu. Maelezo yameandikwa kwa herufi za njano juu ya majani na mawingu hayohayo. Halafu juu ya kila kitu imelazwa mshazari alama ya maji, yaani jina la mwenye picha kwa weupe hafifu, likijirudia kutoka pembe hadi pembe. Nadhani aliyechapisha hakuinunua ile picha, akachapa sampuli yake. Hilo ni lao. Mimi nilitaka maneno tu, na bango la Kiswahili halina ile picha kabisa.

Nilianza na programu ya simu inayotafsiri ukielekeza kamera. Ilisoma vizuri kichwa cha habari, lakini kwenye maelezo ilichanganya vipande vya alama ya maji na sentensi, ikanipa dawa inayochanganywa na jina la mpiga picha. Kuchapa kwa mkono ningeweza kwa bango moja. Kwa tisa yenye rangi zilezile niliona heri nitafute njia moja ya yote.

Nilichotumia ni programu mbili za bure zinazofanya kazi bila mtandao ukishaziweka: ImageMagick, ya kuchezea picha kwa amri, na Tesseract, ya kugeuza picha ya herufi kuwa maandishi. Tesseract ilianzia kwenye maabara za HP katika miaka ya 1980, na tangu 2005 iko wazi kwa kila mtu. Ni msomaji mzuri sana wa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Nje ya hapo lazima umwandalie meza.

Kwa nini? Kabla ya kusoma, Tesseract huigeuza picha kuwa ya kijivu, kisha ikakata kila nukta iwe nyeusi au nyeupe. Shida ni hiyo hatua ya kijivu. Jicho langu linatofautisha njano na wingu jeupe bila taabu, lakini ukiondoa rangi vyote viwili vinabaki kijivu cheupe kinachokaribiana. Tofauti iliyokuwa inanisaidia mimi inatupwa kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuitumia rangi kwanza, ndipo niipoteze.

Kila nukta ya picha ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Nilifungua bango kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikabonyeza herufi O kupata kifaa cha kuchukulia rangi, nikagusa sehemu chache. Herufi ya njano: nyekundu 250, bluu 30. Jani: nyekundu 60, bluu 40. Wingu: zote mbili juu na karibu sawa. Hapo ndipo nilipoona njia. Ukichukua nyekundu ukatoa bluu, njano inabaki na 220, jani linabaki na 20, wingu linakaribia sifuri.

Na alama ya maji? Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Weupe hafifu huongeza nyekundu na bluu kwa pamoja, kwa hiyo ukitoa moja kwenye nyingine ule weupe unajifuta wenyewe. Jani lililofunikwa na alama lilisoma nyekundu 118, bluu 104. Tofauti 14 tu. Herufi ya njano iliyofunikwa ilishuka, lakini ikabaki na 154. Kati ya 20 na 154 kuna nafasi ya kupitisha lori. Nikaweka mpaka kwenye 90, ambayo ni kama asilimia 35 ya 255:

```
magick bango.jpg -fx "u.r-u.b" -threshold 35% -negate herufi.png
tesseract herufi.png maandishi -l eng --psm 6
```

Amri ya kwanza inatoa bluu kwenye nyekundu, inakata penye mpaka, kisha inageuza ili herufi ziwe nyeusi juu ya weupe. Ya pili inasoma na kuandika faili la `maandishi.txt`. `--psm 6` inaiambia ichukulie kila ilichopewa kuwa fungu moja la maandishi. Kama una ImageMagick toleo la 6, andika `convert` mahali pa `magick`. Usishangae `-fx` ikikawia, kwa sababu inapiga hesabu nukta moja moja. Kwenye laptopu yangu ya zamani ninaweka maji ya chai jikoni na kurudi.

Picha ya kwanza ilitoka bila majani, bila mawingu, bila jina la mtu. Lakini kingo za herufi ndogo zilikuwa zimetafunwa kama mahindi yaliyoingia panya. Sababu iko kwenye JPEG yenyewe. Mara nyingi faili la aina hiyo huhifadhi mwanga kwa ukamilifu wake lakini rangi huihifadhi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa kuwa jicho halilalamiki. Njia yangu inaegemea rangi, kwa hiyo inalalamika. Na yule dada alikuwa amenitumia kama picha ya kawaida, programu ya ujumbe ikaibana tena. Nikamwomba anitumie kama dokumenti, na mabango yenye maandishi madogo ayapige upya kwa karibu, nusu ya juu peke yake na nusu ya chini peke yake. Kimo cha herufi kubwa kikapanda kutoka kama nukta 12 kwenda zaidi ya 30, na kuanzia hapo Tesseract inasoma bila kubahatisha. Kuikuza picha ndogo kwa kompyuta kunasaidia kidogo tu, maana kilichokwisha kupotea hakirudi.

Sasa sehemu ya chini. Udongo wetu mwekundu, ule unaoganda kwenye buti, una nyekundu nyingi na bluu chache: 150 kwa 50. Tofauti yake ni 100, juu ya mpaka wangu. Chini ya kila bango nikapata bonge la weusi. Na humo ndimo walimoandika mstari wa onyo, tena kwa herufi nyeupe. Herufi nyeupe kwa njia ya kutoa bluu hufutika pamoja na alama ya maji, kwa sababu zote ni weupe. Kwa hiyo mstari ule niliukata peke yake na kutumia bluu tupu: udongo 50, udongo wenye alama kama 111, herufi 240. Mpaka nikaupeleka katikati ya 111 na 240, asilimia 69, nikajiona fundi. Matokeo yakawa haya:

```
Do not harvest within 1 days after spraying
```

Nilishaanza kuandika "Usivune ndani ya siku 1 baada ya kupulizia" nikasita. Kiingereza kingesema `1 day`. Ile `s` ya wingi ilikuwa inapiga kelele kwamba namba si moja. Nikarudi kwenye picha ya mwanzo, nikaikuza: ni 7. Na hapa ndipo pa kutisha kwa mtafsiri wa Kiswahili. Kwetu siku moja ni siku na siku saba ni siku. Ningemaliza sentensi ile, kosa lingezikwa humo, na hakuna msomaji ambaye angeshtuka. Mtu angechimba viazi vyake siku ya pili baada ya kupulizia dawa ya ukungu, na bango likiwa limemruhusu.

Mlaji wa ile 7 nilikuwa mimi na mpaka wangu. Mkono ulitikisika kidogo juu chini wakati wa kupiga, na mtikisiko wa namna hiyo hufifisha mistari ya kulala kuliko ya kusimama. Kipaa cha 7 kilishuka hadi kama 160 huku mguu wake ukibaki mweupe. Mpaka wa asilimia 69 ni kama 176, hivyo kipaa kikakatwa na mguu ukabaki. Nikaushusha:

```
magick onyo.png -channel B -separate +channel -threshold 55% -negate onyo2.png
tesseract onyo2.png onyo -l eng --psm 7
```

Asilimia 55 ni 140, bado juu ya alama ya maji, na 7 ikarudi mzima. Tangu siku hiyo kila mstari wenye namba nausafisha mara mbili, kwa mipaka miwili tofauti, na namba isiyofanana kwenye majibu mawili naenda kuitazama kwa jicho kwenye picha ya mwanzo. Kipimo cha dawa, gramu 50 kwa bomba la lita 20, kilitoka sawa mara zote. Nilikitazama hivyohivyo.

Kwa upande wa lawama: hakuna kitufe cha kubonyeza, amri ukikosea herufi moja inakugomea kwa Kiingereza kigumu, na kila rangi mpya ya herufi inataka hesabu mpya. Herufi za bluu juu ya majani utageuza, utoe nyekundu kwenye bluu. Herufi za kijani juu ya majani ya kijani hazina pa kushikia, kwa sababu hakuna rangi ya kutoa kwenye nyingine. Bure ni bure, lakini nilitumia jioni nzima kwa bango la kwanza. Mengine saba yalikwisha kabla ya adhuhuri ya kesho yake.

La tisa lilikuwa na herufi za dhahabu zinazokolea na kufifia, juu ya picha ya magunia ya viazi ya rangi karibu ileile. Nilijaribu tofauti zote tatu za rangi, kila moja ikanipa nusu ya neno. Nikamwita yule dada, akanisomea kwenye simu yake akiikuza kwa vidole, mimi nikichapa. Dakika kumi na mbili.