Dirisha la vyeti vya kuzaliwa: niambieni kilichokosekana

Naandika hasira ikiwa bado moto. Juzi nilienda kwenye ofisi moja ya serikali hapa katikati ya jiji la Nairobi kuchukulia mwanangu cheti cha kuzaliwa, maana shule inakitaka. Kupanga foleni sikulalamikia, watu tulikuwa wengi.

Nilipofika dirishani, mhudumu alikuwa akiongea na mwenzake na hakuitikia salamu. Alichukua karatasi ya hospitali, akaitazama mara moja, akaisukuma chini ya kioo. "Hii haifai." Nikamuuliza, "Haifai kwa nini, dada?" Akasema, "Mama, si nimekwambia haifai? Soma ukutani. Anayefuata!" Watu wote nyuma yangu walisikia.

Ukutani nilisoma. Kuna ule ubao wa mkataba wa huduma, wenye safu za huduma, unachotakiwa kuleta, ada na muda. Karatasi ya hospitali imetajwa na nilikuwa nayo. Nakala za vitambulisho nilikuwa nazo. Ubao unakuambia ulete nini. Hauwezi kukuambia kwa nini ulicholeta kimekataliwa. Hiyo ni kazi ya aliye dirishani.

Nilikuwa tayari kusema ofisi nzima haifai. Lakini kijana wa dirisha la mwisho aliniona nimesimama na mtoto mgongoni, akaniita. Akaiinua karatasi kwenye mwanga, akaniwekea kidole pale penye kasoro: "Mama, muhuri umefifia, nambari haisomeki. Rudi hospitali wakugongee mwingine, kisha uje moja kwa moja kwangu." Basi. Nilitoka nikijua pa kwenda. Kwa hivyo siwezi kuwaweka wote kapu moja, na huyo kijana namshukuru kwa dhati.

Ila kadiri ninavyowaza ndivyo ninavyozidi kuchemka. Asingeniita je? Ningerudi Kayole, nitoe nauli tena, nije na karatasi ileile nifukuzwe tena. Mzee mmoja kwenye foleni aliniambia yeye huambiwa "rudi kesho" tu, na hajui kesho alete nini.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yake. Sisemi ofisi iniandikie barua ndefu. Naomba kikaratasi kidogo: kilichokataliwa, kasoro yake, pa kwenda kuirekebisha, tarehe na jina la mhudumu. Muhuri wa ofisi wanao palepale mezani. Mhudumu akijua jina lake litakuwa kwenye kikaratasi hicho, ataisoma karatasi yangu kabla ya kuisukuma. Na wote wavae beji za majina, maana nilipotaka kumlalamikia huyo dada kwa msimamizi, niliulizwa anaitwa nani, na sikuwa na jibu.