Nimelipia programu, namba inageuka, halafu naambiwa nigeuze kwa mkono

Nilikuja hapa kuwapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hawaruhusu sifuri. Hii programu ya kuandikia nyaraka mtandaoni naitumia muda sasa, kwa hela yangu kila mwezi, na kwa maandishi ya kawaida sikuwahi kugombana nayo. Juzijuzi nikapata kazi ya Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza, hapo ndipo nilipoijua vizuri.

Kazi yenyewe ni mkataba wa vipuri. Maelezo yote Kiarabu, majina ya mashine Kiingereza, na kila kipuri kina namba yake, mfano 4500-12. Kwenye jedwali namba iko safi kabisa, 4500-12. Shuka chini kwenye aya, pale inapotajwa katikati ya sentensi ya Kiarabu, inasomeka 12-4500. Faili moja, ukurasa mmoja, kipuri kilekile! Na nukta za mwisho wa sentensi zimerukia kulia kabisa, yaani msomaji wa Kiarabu anaanza kusoma na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni nukta.

Nikaenda kwenye chati ya huduma kwa wateja. Jamaa kwanza ananiambia bonyeza kitufe cha kusogeza maandishi kulia. Nikamwambia kaka, kusogeza kulia siyo kubadilisha mwelekeo, ukisogeza aya inaegemea tu ukingo wa kulia lakini ndani programu bado inaihesabu ni ya kushoto kwenda kulia, ndiyo maana nukta inakaa upande mbaya. Ni vitufe viwili tofauti. Kwenye Word kwa mfano, ukishawasha lugha ya Kiarabu, unabonyeza Ctrl na Shift ya kulia, aya nzima inageuka na nukta inarudi kushoto yenyewe. Kwenye hii programu kitufe cha mwelekeo kipo ila kimefichwa ndani ya menyu, nimekitafuta mwenyewe, nikabonyeza, nukta zikakaa sawa.

Namba ikabaki imegeuka vilevile. Nikamrudia. Jibu lake, naliandika kama lilivyo: "Ndugu mteja, hiyo ndiyo tabia ya Kiarabu, kama huipendi geuza namba kwa mkono." Halafu akafunga chati. Akafunga!

Sasa ngoja nieleze kwa nini ule ushauri ni sumu, maana najua kuna watu wanaufuata. Kwenye faili namba imehifadhiwa vizuri, 4, 5, 0, 0, kistari, 1, 2, kwa mpangilio uleule ulioandika. Kinachogeuka ni namna inavyoonyeshwa. Unataka kuhakikisha? Kopi ile namba peke yake uipesti kwenye mstari mtupu wa programu yoyote ya maandishi ya kawaida, utaiona imekaa sawa. Ukiigeuza kwa mkono, yaani ukaandika 12-4500 ili skrini ionyeshe 4500-12, hapo sasa umeharibu data yenyewe ili macho yafurahi. Mwenzangu tunayefanya naye kazi alishapewa ushauri huohuo na wahudumu haohao akaufuata kwenye kurasa zake. Mteja akakopi namba kutoka kwenye aya, akaipesti kwenye mfumo wake wa kuagizia, mfumo ukamjibu kipuri hakipo. Bila shaka hakipo, amepesti 12-4500! Kwenye karatasi kila mtu anaona 4500-12, mnabishana mpaka jioni.

Sababu yake wala siyo uchawi na siyo "tabia ya Kiarabu". Kanuni za Unikodi, ule mfumo wa dunia nzima wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, zinazipa herufi za Kiarabu na za Kiingereza mwelekeo wao zenyewe, wakati tarakimu na alama za uandishi ni kama abiria, zinakwenda anakoelekea jirani. Tarakimu ikitanguliwa na herufi ya Kiarabu inahesabiwa tarakimu ya Kiarabu, na kile kistari hakina nguvu ya kushikilia tarakimu za namna hiyo pamoja, kwa hiyo 4500 inakuwa kipande chake na 12 kipande chake, vinapangwa kulia kwenda kushoto. Kwenye jedwali namba iko peke yake ndani ya kisanduku, hakuna herufi ya Kiarabu mbele yake, ndiyo maana haikuguswa. Hata tarehe ni hivyohivyo, 2024-03-05 baada ya neno la Kiarabu inaonekana 05-03-2024, ila ukitumia mkwaju badala ya kistari, 05/03/2024, haigeuki, kwa sababu mkwaju unaruhusiwa kuunganisha tarakimu za aina zote mbili.

Dawa ni alama moja isiyoonekana, U+200E, unaiweka mara tu kabla ya namba. Inafanya kazi kama herufi ya Kiingereza isiyo na umbo, tarakimu zikitazama nyuma zinaiona yenyewe badala ya Kiarabu, namba inashikana. Kwenye Word unaandika 200E kisha Alt na X, ila bonyeza mara tu baada ya ile 200E, usiandike namba kwanza, la sivyo itameza tarakimu zako. Kwa wanaoweka kwenye tovuti ni rahisi zaidi:

```
<span dir="ltr">4500-12</span>
```

Basi nikaziweka alama zote, aya baada ya aya, kwenye skrini kila kitu kimenyooka, roho imetulia, nikatoa PDF. Namba zote zimegeuka tena!! Hii ndiyo iliyonipandisha presha kuliko hata yule jamaa. Nikatafuta nikagundua programu ikitoa PDF "inasafisha" alama zisizoonekana, inazifuta kimyakimya kama takataka. Hakuna onyo, hakuna chochote. Kwa nini skrini inionyeshe kitu kimoja na faili ninayompa mteja iwe kitu kingine?

Nikaandika tena huduma kwa wateja, safari hii kwa herufi kubwa. Kwa haki ya Mungu niseme, aliyenijibu wa pili alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Dada mmoja mpole, hakunipa pole za kukopi na kupesti, akaomba mstari mmoja tu wa maandishi, akaujaribu mwenyewe, akarudi akasema kweli PDF inafuta zile alama, sasa chagua namba yenyewe tu, ingia menyu ileile ya mwelekeo, weka kushoto kwenda kulia kwa hayo maandishi uliyochagua. Inakaa kama fomati, siyo kama herufi, kwa hiyo msafishaji haioni. Nikajaribu, PDF ikatoka imenyooka, nikakopi namba kutoka ndani ya PDF nikaipesti, 4500-12. Nikafurahi mpaka nikataka kuwapa nyota nne.

Lakini nne hapana. Unachagua namba moja baada ya nyingine kwa mkono, hakuna namna ya kuzikamata zote kwa mpigo, na mkataba wenyewe ni mrefu. Ukiandika namba mpya kesho inageuka upya mpaka uikumbuke. Tatu basi, kwa ajili ya yule dada. Halafu nikikumbuka "ndugu mteja, geuza kwa mkono" na chati kufungwa usoni, naona tatu ni nyingi. Mbili. Ya tatu nitairudisha siku PDF yao itakapoacha kufuta alama zangu.